454 na 556: namba za kando katika tafiti za sampuli

Ndugu zangu waandishi wa habari, madiwani, na ninyi mnaoletewa ripoti mezani mkaambiwa mtoe uamuzi kabla ya saa sita mchana: naomba tuanze na namba mbili.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto uliofanyika Tanzania mwaka 2010 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000, kina mama 454 walifariki kwa sababu za ujauzito na uzazi. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2015-16, ukaleta 556. Ukiziweka namba hizi pamoja, kichwa cha habari hakimsumbui mhariri: vifo vya uzazi vyapanda. Tofauti ni vifo 102 katika kila vizazi laki moja. Aliye serikalini atatafuta maelezo, aliye upinzani atapata la kusema jukwaani, na mfadhili ataandika barua ya kuuliza fedha zilikwenda wapi.

Ila ndani ya ripoti zenyewe, kila moja ya namba hizi ina nyingine mbili kando yake, na hizo ndizo zinazoachwa habari inapofika gazetini. Kando ya 454 kuna 353 na 556. Kando ya 556 kuna 446 na 666. Leo nitazungumzia hizo za kando, maana ndizo zinazoamua kama kichwa kile cha habari kina haki ya kuchapishwa.

Mnunuzi wa mahindi sokoni hafungui gunia akalimwaga lote chini. Anachoma bambo ubavuni, punje zinateremka kiganjani, anazitazama, anapanga bei. Tuseme amehesabu punje 100 akakuta 8 zimebunguliwa. Akichoma tena mahali pengine anaweza kupata 11, na mara ya tatu 6. Gunia ni lile lile, wala hakuna aliyemdanganya. Kilichobadilika ni bahati ya punje zilizoangukia bambo. Kila utafiti wa sampuli una kuyumba kwa namna hii, hata ukifanywa na watu waaminifu wenye vifaa vizuri.

Kuyumba huku kunapimika. Kama punje, au kaya, zimechaguliwa kwa bahati nasibu ya kweli, hesabu inaweza kutuambia namba ingeyumba kwa kiasi gani lau utafiti ungerudiwa mara nyingi. Kutokana na kipimo hicho tunachora mpaka wa chini na mpaka wa juu kuzunguka makadirio. Eneo lililo kati ya mipaka hiyo nitaliita wigo wa uhakika. Nusu ya upana wake, yaani umbali kutoka kwenye makadirio hadi mpaka mmoja, ndiyo ile inayotangazwa redioni kuwa kiwango cha makosa. Kwa utafiti wa 2015-16, wigo ni kutoka 446 hadi 666, na kiwango cha makosa ni 110 juu na 110 chini.

Karibu kila mara utasikia wigo huo ukitajwa pamoja na asilimia 95, na hapa wengi huteleza, wakiwemo wasomi. Asilimia 95 haisemi kwamba 95 kati ya kina mama 100 wako ndani ya wigo. Wala haisemi kwamba namba hii ni sahihi kwa asilimia 95. Inausemea mtindo wa kazi: lau tungerudia utafiti uleule mara 100, kila mara kwa kaya mpya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na kila mara tukachora wigo wetu, basi wigo kama 95 hivi kati ya hizo 100 zingelikumba jibu la kweli, na 5 hivi zingelikosa. Huu ulio mbele yetu ni mmoja wao. Kama ni kati ya zile 95 au zile 5, hakuna ajuaye. Tunauamini kwa sababu umetoka kwenye mtindo ambao mara nyingi haukosei.

Sasa turudi kwenye 556 tuiangalie kwa karibu. Mwaka 2015-16 wadadisi waliwahoji wanawake 13,266 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Mtu akisikia namba hiyo anasema sampuli ni kubwa, kwa hiyo matokeo ni thabiti. Ila jiulizeni: wanawake hao walio hai wanatupatiaje habari za vifo? Wanaulizwa kuhusu ndugu zao. Mdadisi anakaa na mwanamke, anamwomba ataje mmoja mmoja wote waliozaliwa tumbo moja naye, walio hai na waliokufa, na umri wao. Kila dada aliyefariki akiwa amefikia umri wa kuzaa anaulizwa habari zake: alikuwa mjamzito alipofariki? Alifariki wakati wa kujifungua? Au ndani ya miezi miwili baada ya ujauzito kwisha? Ni mahojiano mazito, na namba inayopatikana inahusu miaka kadhaa iliyotangulia utafiti, si mwaka ule peke yake.

Kifo cha uzazi, kwa uchungu wake wote, ni tukio la nadra kwa hesabu. Hata kwa kiwango cha 556, ni kama vifo 6 katika vizazi 1,000. Kwa hiyo unaweza kuwahoji wanawake 13,266 na bado ukapata visa vichache sana vya kujengea makadirio. Uchache huo unaweza kuukisia bila kuiona data. Kiwango cha makosa ni 110. Kigawe kwa 1.96, unapata 56, ambacho ndicho kipimo cha kuyumba, yaani kosa sanifu. Hiyo 56 ni sehemu ya kumi ya 556. Kwa matukio ya nadra, kuyumba kwa sehemu ya kumi ndiko unakokupata ukiwa umehesabu matukio kama 100, kwa sababu kipeo cha pili cha 10 ni 100. Kwa maneno mengine, namba ya taifa zima ina uzito wa habari unaolingana na vifo mia moja hivi. Kwa hiyo anayetaka kujua uimara wa takwimu ya namna hii asihesabu waliohojiwa. Ahesabu matukio.

Tuje kwenye tofauti yetu ya 102. Kosa la kawaida ni kutazama namba mbili za katikati na kuzitoa. Kosa la pili, linalofanywa na waliokwisha kusoma kidogo, ni kutazama kama wigo mbili zinaingiliana na kukata shauri papo hapo. Zetu zinaingiliana sana: 353 hadi 556, na 446 hadi 666. Kwa leo, jibu la haraka lingekuwa sahihi, lakini njia hiyo ina shimo. Wigo mbili zinaweza kuingiliana kidogo na bado tofauti ikawa kubwa kuliko bahati inavyoweza kueleza. Njia sahihi ni kuipa tofauti yenyewe wigo wake.

Hesabu yake haina ugumu. Viwango viwili vya makosa havijumlishwi hivi hivi, kwa sababu si rahisi bahati iikosee sampuli moja kwa kuishusha na wakati huohuo iikosee nyingine kwa kuipandisha, tena zote kwa kiasi cha juu kabisa. Unachukua kipeo cha pili cha kila kimoja, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili cha jumla. Kiwango cha makosa cha 2010 ni kama 102, na cha 2015-16 ni 110:

```
√(102² + 110²) = √(10,404 + 12,100) = √22,504 ≈ 150
```

Kwa hiyo mabadiliko kati ya tafiti hizi mbili ni 102, na kiwango cha makosa ni 150. Wigo wake unaanza kwenye kushuka kwa vifo 48 na kuishia kwenye kupanda kwa vifo 252. Sifuri imo ndani. Takwimu hizi haziwezi kumkana anayesema vifo vilipanda sana, wala anayesema havikusogea, wala hata anayesema vilishuka kidogo. Kichwa cha habari chenye haki kingekuwa: utafiti washindwa kubaini kama vifo vya uzazi vimebadilika. Najua hakiuzi gazeti.

Na hapa kuna upande wa pili wa kosa. Ofisa mmoja akisimama na kusema, kwa kuwa sifuri imo ndani ya wigo, basi imethibitika kwamba vifo havikuongezeka, naye amepotoka. Wigo unaofika 252 hauthibitishi utulivu. Unathibitisha kwamba chombo chetu hakina macho ya kuona mabadiliko ya ukubwa huo. Utafiti wa 2004-05, kwa kumbukumbu, ulikuwa umetoa 578, na wigo wa 466 hadi 690. Ukizipanga tatu hizo, 578, 454, 556, unaweza kuchora mstari unaoshuka kisha kupanda, na ukaajiri mshauri wa kuueleza. Au unaweza kupitisha rula ya usawa kwenye 520, nayo ikapita ndani ya wigo zote tatu.

Kabla sijaondoka hapo, nirudi kidogo kwenye bambo, maana kuna jambo linalowapunja wasomaji wa kura za maoni. Utafiti wa 2015-16 haukuchagua kaya moja moja kutoka nchi nzima. Ungefanya hivyo, magari yangekwisha matairi. Ulichagua kwanza maeneo 608 ya kuhesabia watu, kisha kaya 22 katika kila eneo. Ni sawa na kuchoma bambo mara 22 kwenye gunia moja kabla ya kwenda jingine. Watu wa kijiji kimoja wanafanana: wana zahanati moja, barabara moja, mvua moja. Ukishawahoji kumi, wa kumi na moja anakupa habari mpya kidogo tu. Kwa hiyo sampuli ya makundi hubeba habari pungufu kuliko idadi yake inavyoonyesha, na wigo wake lazima upanuliwe. Ripoti nzuri hufanya hivyo. Nyuma kabisa, kwenye kiambatisho cha makosa ya sampuli ambacho hakuna anayekifungua, utakuta jedwali lenye makadirio, kosa sanifu, athari ya mpango wa sampuli, na mipaka miwili ya wigo. Ukikuta safu ya athari ya mpango imeandikwa 1.5, maana yake kiwango cha makosa ni mara moja na nusu ya kile ambacho ungepata kwa kanuni ya kawaida.

Kanuni hiyo ya kawaida ndiyo hii, nayo ni ya asilimia:

```
1.96 × √(p(1 − p) / n)
```

Herufi `p` ni sehemu iliyojibu hivyo, na `n` ni idadi ya waliohojiwa. Kwa haraka, ukiwa karibu na asilimia 50, gawa 98 kwa kipeuo cha pili cha waliohojiwa. Watu 400 wanakupa karibu asilimia 5, watu 1,600 karibu asilimia 2.5. Ili kupunguza makosa kwa nusu unahitaji watu mara nne. Tazameni pia kwamba idadi ya watu wa nchi haimo kwenye kanuni. Sampuli ya watu 1,600 waliochaguliwa vizuri ina usahihi uleule Zanzibar na Nigeria.

Tuijaribu Kenya. Tarehe 2 Agosti 2022, wiki moja kabla ya uchaguzi mkuu, kampuni ya Ipsos ilitangaza kura ya maoni ya watu 6,105. Raila Odinga alikuwa na asilimia 47 na William Ruto 41. Kipeuo cha pili cha 6,105 ni 78, na 98 ukiigawa kwa 78 unapata asilimia 1.25 hivi. Ni kiwango kidogo sana. Watu wakasema: mwachano ni 6, makosa ni 1.25, mchezo umekwisha.

Kwanza, kile kiwango ni cha asilimia ya mgombea mmoja, si cha mwachano kati ya wawili. Katika sampuli moja, mtu aliyemponyoka Raila huenda ameangukia kwa Ruto, kwa hiyo mwachano unayumba karibu mara mbili. Ukiukokotoa, unapata kama asilimia 2.35. Bado 6 ni kubwa kuliko 2.35, na mpaka wa chini wa mwachano ni karibu 3.7. Kwa mtazamo wa bahati ya sampuli peke yake, Raila alikuwa mbele bila shaka.

Matokeo yalipotangazwa, Ruto alipata asilimia 50.49 na Raila 48.85. Mwachano ulikuwa 1.64, kwa upande wa pili.

Wengi walisema siku zile kwamba kiwango cha makosa kilikuwa uongo. Mimi nasema kilijibu swali lake, ila halikuwa swali tulilolihitaji. Tazameni hizo 47 na 41. Jumla yake ni 88. Watu 12 katika kila 100 walikuwa kwa wagombea wengine wawili, au hawajaamua, au hawakutaka kusema. Raila alimaliza karibu na pale alipopimwa. Ruto ndiye aliyeongeza zaidi ya asilimia 9. Ukiwatoa wasiotaja mmoja wa wawili hawa na kugawa 88 iliyobaki, Raila anapata 53 na Ruto 47, yaani mwachano unazidi kupanuka. Hesabu hiyo ina dhana iliyojificha ndani: kwamba walionyamaza wangegawanyika kama waliosema. Isitoshe, mdadisi humhoji mtu bila kujua kama siku ya kura atatoka nyumbani, na siku ile waliopiga kura walikuwa kama 65 katika kila 100 waliojiandikisha. Mambo hayo mawili, ukimya na kutojitokeza, hayapungui hata ukihoji watu laki moja. Wigo unazidi kuwa mwembamba kuzunguka mahali pasipo sahihi. Kwa hiyo nikiona kura ya maoni, huanza na safu ya "hajaamua" na "amekataa kujibu". Ikiwa safu hiyo ni pana kuliko mwachano, kile kiwango cha makosa sikitazami tena.

Turudi nyumbani, kwenye mtihani mgumu zaidi. Utafiti wa 2022 ulitoa kiwango kipya cha vifo vya uzazi Tanzania: 104. Kutoka 556 hadi 104 ni kushuka kwa 452. Hapa hatuhitaji kipeuo cha pili. Mpaka wa chini wa utafiti uliotangulia ulikuwa 446, na 104 iko mbali chini ya huo. Bahati ya sampuli haiwezi kueleza kushuka kwa namna hii, na anayesema "ni makosa ya kawaida ya takwimu" anazungumza asichokijua.

Ila bahati ikishaondolewa, swali halijafungwa. Kinachofuata ni kuuliza kama tafiti mbili zilihesabu kitu kimoja. Utafiti wa 2015-16 ulihesabu kila kifo kilichotokea wakati wa ujauzito, kujifungua, au ndani ya miezi miwili baadaye, hata kama mama aligongwa na gari. Maana inayotumika katika tafiti mpya za aina hii inaishia siku 42 na inaondoa ajali na ukatili. Kipimo kilichobanwa hivyo kitatoa namba ndogo hata kama hakuna mama mmoja zaidi aliyeokolewa. Sidhani kinatosha kuishusha namba kwa sehemu nne kati ya tano, kwani ajali si sehemu kubwa ya vifo vya wajawazito, lakini mtu mwangalifu hachori mstari mmoja kutoka 556 hadi 104 bila kuandika chini yake kwamba maana ilibadilika njiani. Kisha kuna kumbukumbu za ndugu: dada asiyetajwa na mdogo wake kwa sababu alifariki zamani, au mbali, au kifo chake hakizungumzwi nyumbani. Kama mahojiano ya mwaka mmoja yalikuwa na subira pungufu kuliko ya mwaka mwingine, namba itashuka, na wigo hautasema lolote. Shirika la Afya Duniani na washirika wake, wanaochanganya vyanzo vingi kwa kielelezo cha kihesabu, walikadiria 238 kwa Tanzania mwaka 2020. Namba hiyo nayo ina wigo wake, na ina dhana zake. Hukumu yangu ni kwamba vifo vimeshuka, tena sana, ila sitaki kunukuliwa nikisema vimeshuka mara tano.

Swali moja nililopewa kwa maandishi kabla ya kuanza linatoka kwa diwani anayetaka kiwango cha vifo vya uzazi cha mkoa wake kutoka katika utafiti wa 2015-16. Mheshimiwa, ukifungua jedwali hutakikuta. Chanjo utaikuta kimkoa, udumavu utaukuta, waliojifungulia kituoni utawakuta, kwa sababu mambo hayo yanagusa watoto na wanawake wengi katika kila mkoa. Vifo vya uzazi vimewekwa kitaifa tu. Gawa vile vifo mia moja kwa mikoa zaidi ya 25 uone kila mmoja unabaki na vingapi: vitatu, vinne. Kwa vifo vinne, wigo wa uhakika ungeanza karibu na sifuri na kufika karibu mara mbili ya makadirio yenyewe. Kwa hiyo mtu akikuletea namba ya mkoa wako na kusema imetoka humo, muulize ukurasa.